Cheti Nilichomwandikia Mwalimu wa Mikinduri

Kabla ya kuwa fundi wa vito nilikuwa karani wa ghala la nafaka Siakago. Kazi yangu ilikuwa kuchoma magunia ya ndengu. Nilipewa bambo, chuma chenye ncha kali na mfereji katikati, na gunia likishushwa kwenye lori nililichoma ubavuni. Ndengu za kujaza kiganja zilitiririka, nikazitandaza kwenye sinia, nikatafuta wadudu, changarawe na unyevu. Kwa kiganja kile niliandika hali ya gunia zima, na kwa magunia machache niliandika hali ya lori zima. Nilifanya hivyo kwa miaka tisa na sikukosea mara nyingi. Nayasema haya mapema kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza halikutokana na tamaa peke yake. Lilitokana pia na bambo.

Vito nilijifunza mwenyewe. Nilinunua vitabu vilivyotumika, kimoja baada ya kingine, nikavisoma na kalamu mkononi. Fundi mzee wa saa mjini Meru aliponiachia meza yake, nilikuwa tayari najua kutengeneza pete na kubana jiwe. Polepole nilinunua lenzi inayokuza mara kumi, mizani ndogo ya karati, na kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ukiingia ndani ya jiwe. Kwa vifaa hivyo niliweza kutofautisha yakuti ya buluu, ile ambayo katika biashara yetu kila mtu huiita safaya, na kioo. Mara nyingi niliweza pia kuitambua ile iliyotengenezwa kiwandani, kwa sababu mistari ya rangi ndani yake hupinda kama ukingo wa sahani, na ile iliyotoka ardhini mistari yake hunyooka na kukutana kwa pembe. Hapo ndipo ujuzi wangu ulipoishia. Nilijua kwamba unaishia hapo. Jambo hili nalo nataka lijulikane mapema.

Dalali mmoja aliniletea mawe matano yaliyokwisha kuchongwa. Alisema yote yametoka Garbatula, mfuko mmoja, shimo moja, na kwamba hakuna hata moja lililopashwa moto. Mawe mengi ya aina hii huingizwa kwenye tanuri ili rangi iliyo nzito ing'ae. Si haramu, lakini jiwe ambalo halikupashwa hutafutwa zaidi, na muuzaji anapaswa kusema. Nilimwambia dalali kwamba nitapeleka moja kwenye maabara huru Nairobi kabla ya kumpa jibu.

"Peleka hili," akasema, akalisukuma kwa ncha ya kidole.

Nililipeleka lile. Ripoti ilirudi na uzito, vipimo kwa milimita, picha, namba, na maneno haya: yakuti ya asili, hakuna dalili za kupashwa moto. Nilinunua mawe yote matano.

Lile lililopimwa nililiweka kwenye sefu yangu kama ukumbusho. Mengine manne niliyauza kwenye pete na vidani, na kila mnunuzi nilimwandikia cheti cha duka. Kilikuwa cheti kizuri. Nilikichapisha kwenye karatasi nene yenye ukingo wa rangi ya dhahabu, nikapiga muhuri wa duara, nikatia sahihi. Kilitaja uzito wa jiwe, kisha kikasema: yakuti ya asili, ya Garbatula, haijapashwa moto. Na nyuma ya kila cheti nilibana nakala ya ripoti ya maabara. Ripoti ilikuwa moja, mawe manne. Nilijiambia kwamba nimekwisha kuchoma gunia.

Pete moja kati ya hizo ilinunuliwa na mwalimu mkuu mstaafu kutoka Mikinduri. Alikuja peke yake, akajaribu pete nne, akachagua ya tano. "Nimevisha watoto wa watu yunifomu maisha yangu yote," aliniambia. "Hii ni yangu." Aliivaa akatoka nayo. Sikumwona tena kwa miaka mitatu.

Alirudi Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kufungua madirisha. Pete haikuwa kidoleni. Ilikuwa ndani ya bahasha pamoja na cheti changu.

"Muga, fundi," akanisalimu kama watu wa kwao wanavyosalimu, lakini bila kicheko chake. Alikaa, akaweka bahasha mezani, akaifunika kwa kiganja. "Nimekuja na swali moja. Kabla sijaliuliza, nipe maji."

Nilimpa maji. Alinieleza.

Kanisa lake lilikuwa linajenga darasa la watoto, na jana yake, Jumapili, kulikuwa na mnada baada ya ibada. Watu walileta walichokuwa nacho: majogoo, ndizi, mbuzi mmoja, keki. Yeye alileta pete. Alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba atatoa kitu kinachomuuma kukitoa. Alisimama mbele, akakisoma cheti changu kwa sauti, neno kwa neno, mpaka "haijapashwa moto". Mpimaji ardhi mmoja mstaafu, ambaye kijijini wanamwita Saveya, aliwashinda wote kwa dau lake. Kisha akaomba karatasi.

"Unajua watu wa ardhi," mwalimu alisema. "Hasomi maneno. Anasoma namba. Amevaa miwani, akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Akaniuliza, 'Mwalimu, jiwe lako lina uzito gani?' Nikamwambia si umesoma, karati moja nukta sita mbili. Akasema, 'Hapa mbele ni moja nukta sita mbili. Hapa nyuma ni moja nukta nne nane. Hizi ni karatasi za mashamba mawili.'"

"Akasema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu na kipaza sauti hakijazimwa. Na mama mmoja kule nyuma, ambaye nilimfundisha na hajawahi kunisamehe, akasema, 'Kwani mwalimu ameletea Mungu glasi?' Kanisa zima likacheka. Pasta naye akacheka, halafu akakohoa."

Saveya hakucheka. Alisema dau lake liko palepale, lakini hatalipia karatasi ya jiwe lingine. Jiwe hili likipata karatasi yake yenyewe, kutoka kwa mtu ambaye haliuzi, na ikisema kile kilichosomwa, atalipa. Pasta alitoa muda wa Jumapili mbili.

Mwalimu aliondoa kiganja kwenye bahasha. "Swali langu ni hili. Nilisema kweli ama nilisema uongo?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, na mengine yangesikika vizuri. Nilimwambia, "Sijui."

"Lakini umeandika."

"Niliandika nisichokijua."

Alikunywa maji yake mpaka yakaisha. Nadhani alikuwa amezoea watoto wanaokataa, akawa hajui la kufanya na anayekubali.

Nilimwambia kwamba ninaweza kuichukua pete na kumrudishia pesa yake yote siku hiyohiyo. Alikataa kabla sijamaliza. "Nikirudi na pesa, watasema ilikuwa glasi. Mimi sikusimama pale na pesa. Nilisimama na jiwe."

Basi nikamwambia jambo ambalo hadi leo sijui kama nilimwambia kwa uaminifu au kwa kumjaribu, au kwa kujijaribu mwenyewe. Nilifungua sefu, nikatoa lile jiwe la moja nukta nne nane, nikaliweka kwenye karatasi nyeupe mbele yake, kando ya pete niliyoitoa kwenye bahasha. Mawe yale mawili yalifanana kama ndugu. Nilimwambia, "Hili ndilo lenye ripoti. Nikilibana kwenye pete yako, nyuma ya cheti itakuwa sawa. Mbele nitaandika upya. Ni saa moja ya kazi."

Aliinama akayatazama yote mawili bila kuyagusa.

"Mtihani wa mwingine," akasema. "Jina langu juu, majibu ya jirani." Akainua uso. "Nimechapa watoto kwa hilo, fundi."

Nikalirudisha jiwe kwenye sefu. Kuanzia hapo sikuwa na mashaka juu ya la kufanya. Nilikuwa na hofu tu, na hofu haizuii mikono kufanya kazi.

Nilimwambia jiwe lake nitalipeleka maabara, nikamwomba akae aangalie. Maabara hupenda jiwe likiwa peke yake. Likiwa ndani ya pete, uzito hukadiriwa tu, na dhahabu hulifunika upande ambao huenda ndio wenye habari. Nilizifungua kucha za pete, vile vijimeno vya dhahabu vinavyolishika jiwe, moja baada ya nyingine, nikalitoa jiwe, nikalisafisha, nikaliweka kwenye mizani na mwalimu akasoma mwenyewe: 1.62. Nilipima urefu, upana na kina, nikaandika kwenye karatasi mbili, moja yake, moja yangu. Tulipiga picha kwa simu yake. Nililiweka jiwe ndani ya karatasi ya vito, nikaikunja mara tano kama inavyokunjwa, nikaandika vipimo juu, tukatia sahihi wote wawili kwenye mkunjo.

"Ukilibadilisha njiani nitajua?" akauliza.

"Vipimo vitakwambia."

"Vizuri. Sasa unaongea kama Saveya."

Nairobi nilienda kesho yake. Maabara ile iko ghorofani, vyumba vitatu, na hakuna kabati la vito mlangoni. Hilo nililiona mara ya kwanza bila kulifikiria, na mara hii nililifikiria. Hakukuwa na kitu cha kuuza. Mtaalamu aliyenipokea alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani imening'inia kifuani. Alifungua karatasi, akalipima jiwe mbele yangu, akaniuliza ninataka wajibu nini.

"Kama ni la asili. Na kama limepashwa moto."

"Jibu lisipokupendeza?"

"Ada inabadilika?"

"Ada ni ileile. Uliuze ghali, uliuze rahisi, ulitupe mtoni, sisi tumemaliza." Kisha akaiona nakala niliyokuwa nimekuja nayo, ile iliyokuwa nyuma ya cheti cha mwalimu. Akaichukua, akaingiza namba yake kwenye kompyuta. "Hii ni ripoti yetu. Ni ya kweli kabisa. Lakini si ya jiwe hili."

"Najua."

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema Jumatatu. "Siku ile nilipozibana pamoja."

Aliiweka nakala mezani. Nilimweleza habari za ghala la Siakago, bambo na kiganja cha ndengu. Alisikiliza mpaka mwisho, akitabasamu kidogo.

"Ndengu za gunia moja zimekua shamba moja, mvua moja, zimevunwa wiki moja," akasema. "Mawe haya yamekutana kwenye mfuko wa dalali. Matano yanaweza kuwa ya mashimo matatu, na mawili yakawa yamepita kwenye tanuri. Ripoti yetu haizungumzii mfuko. Inazungumzia kile kilichowekwa juu ya meza hii, siku ile." Kisha akauliza kama mtu anayejua jibu. "Nani alichagua la kupimwa?"

"Dalali," nikasema. Ghalani Siakago hakuna mwenye lori aliyewahi kunionyesha gunia la kuchoma. Angejaribu, ningechoma lile la chini kabisa. Hata kwa sheria za bambo, sikuwa nimefanya kazi. Nilikuwa nimekubali kiganja nilichopewa na muuzaji, nikakiita kipimo.

Nilirudi baada ya siku nne kuchukua majibu. Yule mtaalamu aliniita kwenye hadubini kabla ya kunipa karatasi. Ndani ya lile jiwe la buluu niliona vidoa vimejipanga kwa mistari, kama mshono uliokatwakatwa.

"Hizo zilikuwa nyuzi ndefu, nyembamba," akasema. "Joto kali limezivunja. Sasa sogeza kushoto. Unaona chembe yenye duara linalong'aa kuizunguka?"

"Naona."

"Chembe imevimba kwa joto, jiwe limepasuka kuizunguka. Kimoja peke yake kisingenitosha. Vyote viwili, pamoja na vipimo vya mashine, vinatosha."

Kwa lenzi yangu ya mara kumi nilikuwa nimeviona vidoa vile miaka mitatu nyuma. Nakumbuka niliviona. Niliviita vumbi la asili na nikafurahi, kwa sababu vilithibitisha kwamba si kioo.

Ripoti ilisema: yakuti ya asili, kuna dalili za kupashwa moto. Mahali lilikotoka hapakutajwa, kwa sababu hilo ni uchunguzi mwingine na sikuuomba, na hata ukiombwa, jibu huwa ni maoni ya wataalamu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo mara ya kwanza sikuzisoma, ilisema kwamba hiyo si dhamana wala bei, ni matokeo ya uchunguzi wa kitu kilicholetwa. Nilisimama kwenye ngazi nikasoma karatasi zote mbili, yao na yangu. Yao ilisema "kuna dalili" na "hakuna dalili". Yangu ilisema "haijapashwa". Wao, wenye mashine zinazojaza chumba, walisema walichoona tu. Mimi, mwenye lenzi ya kuning'iniza shingoni, nilisema kilichotokea ndani ya ardhi na nje yake tangu mwanzo wa dunia, nikapiga muhuri.

Mwalimu alikuja dukani Alhamisi iliyofuata. Aliisoma ripoti mara mbili. Mara ya pili kidole chake kilifuata mstari.

"Si glasi."

"Si glasi. Si la kiwandani. Limetoka ardhini."

"Lakini limepashwa."

"Limepashwa."

"Basi niliwadanganya."

"Niliyedanganya ni mimi, Mwalimu."

"Wewe hukusimama mbele ya madhabahu na kipaza sauti." Aliikunja ripoti kwa mikunjo yake ileile. "Saveya alisema atalipa ikiwa karatasi itasema kilichosomwa. Haisemi. Ana haki ya kwenda zake. Na yule mama wa nyuma atapata wimbo wa kuimba mpaka nizikwe."

Nilimwambia nitakuja Jumapili na nitaisoma mwenyewe mbele ya watu.

"Utakuja," akasema. "Utaleta jiwe, pete, mizani na vyombo vyako. Lakini nitasoma mimi. Nilichosema kwa mdomo wangu nitakirekebisha kwa mdomo wangu."

Kanisa lile liko upande wa juu wa soko. Niliketi benchi la tatu, sanduku la vyombo miguuni. Baada ya ibada pasta alimwita mwalimu. Alipanda na karatasi mbili, cheti changu na ripoti. Hakuomba radhi kwanza. Alianza kama anayesahihisha daftari.

"Jumapili ile niliwasomea hiki cheti. Kiliandikwa na mtu aliyeniuzia pete. Kilisema mambo matatu. La kwanza, kwamba jiwe ni la asili. Maabara isiyouza wala kununua mawe imesema ni kweli. La pili, kwamba limetoka Garbatula. Maabara haijasema, na aliyeandika naye hakulichimba. Basi hilo tuliache. La tatu, kwamba halijapashwa moto." Hapo aliinua ripoti ili walio nyuma waione. "Limepashwa. Niliwaambia kisicho kweli. Sikujua. Sasa najua, na nyinyi mnajua."

 Kisha sauti ya mama mmoja kutoka nyuma, na nikajua ni yule wa glasi kabla sijageuka: "Kwa hivyo si glasi?"

"Si glasi," mwalimu akasema. "Ungesoma kwa makini darasa la sita ungejua tofauti."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Yule mama mwenyewe alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso.

Saveya alisimama. Ni mwanamume mrefu, mwembamba, anayeongea kama anayesoma mpaka wa shamba. Aliomba ripoti, akatoa simu, akaingiza namba kwenye tovuti ya maabara, akalinganisha mstari kwa mstari. Watu walimngoja. Mtu mmoja akanong'ona, "Huyu atapima hata mbingu akifika."

"Ni ripoti ya kweli," akasema hatimaye. "Lakini ripoti haina miguu. Nitajuaje ni ya jiwe hili?"

Nilipanda mbele na sanduku langu. Nilijitambulisha kama fundi aliyeandika kile cheti. Sikuongeza kitu, maana mwalimu alikuwa amekwisha kusema yote. Niliweka mizani kwenye meza ya sadaka, mbali na upepo wa mlango, nikalifungua jiwe. Saveya alisoma uzito: 1.62. Nikampa kipimo cha milimita, akapima mwenyewe, polepole, mara mbili kila upande. Akaiweka picha ya ripoti kando ya jiwe. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi," akasema, "hili ni shamba, na hii ni hati yake." Akamgeukia pasta. "Dau langu lilikuwa la jiwe ambalo halijapashwa. Jiwe hilo halipo. Nadi upya hili lililopo, na mimi nitatoa dau pamoja na wengine."

Mnada ulirudiwa. Dau lilianza chini, kama inavyostahili. Muuza miraa mmoja aliongeza mbuzi juu ya pesa yake, na mbuzi huyo akaleta mabishano ya dakika kadhaa kwa sababu hakuwepo. Mwishowe Saveya alishinda tena, chini ya dau lake la kwanza, na mwalimu aliyekuwa amesimama pembeni akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu ibada iishe.

Sikuondoka. Nilimwomba Saveya asimame karibu, nikalibana jiwe kwenye pete mbele ya macho yake, kwa kuwa likishabanwa hakuna mizani itakayomwambia tena kwa uhakika. Nilizikunja kucha nne, nikazilainisha, nikampa pete. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Na cheti cha duka?" akauliza.

Nilidhani ananitania. "Bado unakitaka?"

"Maabara haijui nani aliuza pete. Haijui ni dhahabu gani. Ukucha ukikatika nitairudishia maabara?"

Nilichukua karatasi tupu ya kawaida, isiyo na ukingo wala muhuri. Niliandika kwamba pete niliitengeneza mimi, dhahabu ni ya aina gani, kwamba jiwe nililolibana leo mbele yake ndilo la ripoti yenye namba fulani, na kwamba pete ikiharibika kwa kazi yangu ataileta Meru nami nitaitengeneza. Nikatia sahihi. Alisoma, akaikunja pamoja na ripoti.

"Hiki nakiamini," akasema. "Ni kifupi."

Nilipokuwa nafunga sanduku, mwalimu alinijia na kile cheti cha zamani chenye ukingo wa dhahabu. Nilinyoosha mkono nikichane. Alikataa kuniachia. Alitoa kalamu nyekundu kwenye mkoba wake, akakiweka juu ya benchi, akapiga vema kando ya mstari wa kwanza. Kando ya mstari wa pili na wa tatu aliandika neno moja, lilelile mara mbili, kwa mwandiko wa ubaoni ulionyooka: Ulijuaje?

"Peleka dukani kwako," akasema. "Usikifiche."

Sikukificha. Kiko chini ya kioo cha meza yangu, upande ninaokaa mimi. Nilianza wiki hiyohiyo kutafuta vyeti vitatu vilivyobaki. Cha mnunuzi wa Muthara nimekipata. Mwenye kidani alinipa jiwe nikalipime, akaning'ang'ania nile kwanza. Viwili bado. Kabla ya kuandika mstari wowote kwa mnunuzi, nausoma ule mwandiko mwekundu, na mistari mingi siku hizi naiacha bila kuandikwa.